Makuta ya ONG iko na ukuta wake

Hapa Mulungwishi watu wanawaza kama mtoto akipata kazi ku ONG, amepona. Sisi wa sendika ya mugodi tuko na bandugu na bibi zetu kule, na tunaona ingine. Ku mugodi tunabishana na patron mpaka mushahara unapanda. Ku ONG patron anajibu: mfadhili anakatala. Hiyo ni nusu ya kweli.

Tuchukue feza ya Umoja wa Ulaya. Mbele ya kutia sahihi, ONG inaandika bajeti ya mradi muzima. Mutumikaji wa dola 600 kwa mwezi, kwa miezi 36, anahesabiwa dola 21 600. Kisha sahihi, jumla ya mradi haipande tena. Mukitaka aongezwe dola 60 kuanzia mwaka wa pili, inaomba dola 1 440, na lazima zitoke pengine: ku mafuta ya magari, ao ku semina (na semina hazikosekanake!). Matunzo ya jamaa nayo, kama haikuandikwa, ni vile vile.

Lakini kanuni za Ulaya zinaachilia ONG ihamishe feza mpaka asilimia 25 ya kila kichwa cha bajeti bila avena, kama kusudi la mradi halibadilike. Inamujulisha tu mfadhili. Kwa hiyo patron asiseme mulango umefungwa.

Delege wa ONG, musingoje mradi uanze. Siku bajeti inaandikwa, muulize: mwaka wa pili na wa tatu mumetia mushahara gani?