Mshtuko wa tangazo uandikwe na mwandishi

Watunzi wengi wa matangazo mafupi humalizia mswada kwa agizo kwamba mhariri wa picha aongeze mbwembwe za kuwavutia vijana. Matokeo yake ni picha zinazorukaruka bila sababu. Kijana hushtuka, hucheka, kisha hupita bila kujua alichokuwa akiuziwa. Rai yangu ni kwamba kila mshtuko uandikwe mswadani, palepale kisa kinapogeuka.

Tuchukue mfano wa tangazo la sekunde 15 la pawabenki, ile betri ya akiba ya simu. Msichana anazungumza na mwajiri kwa simu. Anapoanza kutajiwa siku ya kuanza kazi, simu inazimika. Hapo ndipo mahali pa mshtuko, na mwandishi aandike hivi: "Sekunde ya 3: picha yawa nyeusi ghafla kwa sekunde 1. Sauti ya msichana yaendelea: Halo? Halo?" Sauti hiyo si pambo. Picha na sauti zikikatika pamoja, mtazamaji atadhani ni simu yake iliyokwama, naye ataipita video.

Kutoka sekunde ya 4 hadi ya 10, skrini yagawanywa mara mbili. Juu, msichana anahangaika kutafuta umeme. Chini, kijana mwingine aliyeomba kazi iyo hiyo anazungumza kwa utulivu, simu yake ikiwa imeunganishwa na betri ile. Mwandishi aeleze kwamba mgawanyo ni wa juu na chini. Video ya simu iliyosimama ina upana wa nukta 1080 na urefu wa nukta 1920. Ukiigawa ubavu kwa ubavu, kila upande huwa ukanda mwembamba usiotosha uso na mikono. Uso wa kijana nao usishushwe mno, kwa kuwa katika TikTok maelezo ya video hufunika sehemu ya chini.

Aidha, mswada useme ni nusu ipi inayosikika. Hapa msichana anakimbia kimyakimya, na kijana ndiye anayesema. Zikisema zote mbili, jicho na sikio hugombana, na mlinganisho hupotea.

Sekunde ya 11, mstari wa kati unafutika, nusu ya chini inajaza skrini, na betri inaonekana karibu pamoja na jina na bei yake. Tangu hapo pasiwe na mshtuko mwingine.

Kabla ya kurusha tangazo, waonyeshwe vijana wachache mara moja tu, kisha waulizwe kinachouzwa ni nini. Wakikumbuka giza na kuisahau betri, kosa limo mswadani, wala mhariri asilaumiwe. Mfanyabiashara hakulipia mshtuko; alilipia bidhaa yake ijulikane.