“Hongereni Wenye Mtoto”



Juma hili nawaletea kisa cha nyumba moja ya hapa Morogoro, ambayo wenyewe wameniruhusu kukisimulia pasipo kuwataja. Binti yao alihitimu shahada ya ualimu katika Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro. Mama yake ni mtu wa Kinole, huko milimani Uluguru, naye huuza ndizi na mdalasini mjini. Siku ya mahafali alipiga picha akiwa amemkumbatia binti yake aliyevaa joho, akaibandika Facebook na katika kikundi cha ukoo cha WhatsApp, akaandika chini yake: “Alhamdulillahi, mwanangu amehitimu. Ahsante sana baba yake.”

Hongera zilimiminika. Lakini kabla ya Isha yalikuwa yameingia maneno matatu yaliyomchoma, naye akayaona yote kuwa husuda. Nayachambua moja moja, kwani kosa la mama yule lilianzia hapo, alipodhani kuwa yote matatu ni ugonjwa mmoja.

La kwanza lilisema: “Huyu naye amehitimu? Basi mwakani watahitimu hata kima wa Kinole.” Rafiki wa binti, mtu wa mkoa mwingine, alikasirika akamjibu mwandishi kwa ukali. Hakujua kwamba yule ni mtani. Waluguru wana utani na makabila jirani, na tena wana utani wa koo kwa koo, wenyewe kwa wenyewe. Mtani ana haki ya kukutukana mchana, nawe ukifiwa usiku atakuwa wa kwanza kufika kushika kazi za msiba. Neno la namna hii hujibiwa upesi na kwa jina lake: “Mtani wangu, mgeni rasmi wa mahafali hayo utakuwa wewe.” Jibu hilo linamrudishia mtani mpira wake, na pia linawafahamisha wageni wasiojua mila kwamba hapa pana mzaha. Mtani akiachwa bila kujibiwa, watazamaji humwona adui.

La pili lilikuwa fupi sana: “Hongereni wenye mtoto.” Mwandishi wake ni mjomba, kaka wa mama. Asiyewajua Waluguru angelipita bila kuliona. Lakini kwao mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba hajioni jirani wa mtoto bali mwenye mtoto. Kumwambia dada yake “wenye mtoto” ni kusema, “Kumbe mimi simo.” Mama alinong’ona kwamba kaka yake ana kijicho kwa sababu wanawe hawakufika chuo. Nilipouliza nikaambiwa kwamba ada ya miaka miwili ya mwanzo ilitoka katika shamba la mjomba, mikungu ya ndizi ikishushwa mlimani kila wiki. Na shukurani iliyoandikwa ilimtaja baba peke yake.

Basi hiyo si husuda, ni madai. Mwenye kinyongo cha haki hatibiwi kwa kunyamaziwa wala kwa kisomo cha kuzuia jicho. Hatibiwi pia kwa kujibiwa mbele za watu, maana kila utakachoandika kitasomwa na ukoo mzima kama kesi. Hupigiwa simu, na simu hiyo huanza kwa kukiri: “Kaka, nimekosa, nilisahau kukutaja.” Kisha aliyebandika hufungua maneno yake ya awali kwa “Edit post” na kuongeza jina lililoachwa, pasipo kueleza kwa nini ameliongeza.

La tatu ndilo lililokuwa na sumu, nalo liliandikwa na mama mmoja aliyesoma naye shule ya msingi: “Digrii siku hizi kila nyumba ipo. Tutakutana hukohuko sokoni tukiuza nyanya.” Mama alilijibu saa tano usiku, kwa maneno marefu, akaingiza na habari za watoto wa mwenzake. Wakaja wa upande huu na wa upande ule. Kulipokucha, mtu aliyefungua picha ile alikutana kwanza na ugomvi, na hongera zikawa chini.

Hapa pana jambo wengi hawalijui. Facebook haipangi maoni kwa saa peke yake. Katika mpangilio wa “Most relevant”, neno lililojibiwa na kuvuta watu wengi huelekea kupandishwa juu. Kwa hiyo kila anayejibu kwa hasira, hata akiwa anakutetea, humsogeza hasidi mbele ya waliokuombea dua. Neno lile lingeachwa bila jibu, huenda lingezama lenyewe kufikia asubuhi.

Aliyeumia zaidi hakuwa mama. Binti alisoma yote akiwa kitandani, na siku ya pili akamwomba mama yake aiondoe picha kabisa. Miaka mitatu ya kusoma, na ukumbusho wake ukawa nyanya.

Tulimshauri asiiondoe. Alianza kwa kufuta majibu yake mwenyewe, kwa sababu hayo ndiyo yaliyokuwa aibu yake. Kisha akafuta neno la yule mwenzake, na mfuatano wote uliokuwa chini yake ukatoweka nalo. Mwenye chapisho ana uwezo huo, wala halazimiki kutoa hoja. Kwenye “Who can comment on your post?” akabadilisha kutoka “Public” kuwa “Friends”. Huko WhatsApp hapakuwa na la kufuta, ila ifahamike kwamba msimamizi wa kikundi anaweza kufuta ujumbe wa mtu mwingine kwa wote. Simu yenyewe akampa wifi yake kwa siku mbili, amsomee hongera tu na ajibu “Amin” kwa niaba yake. Mimi ningependa hilo lifanywe kabla ya kubandika, kama vile harusini anavyowekwa mtu mlangoni ili bibi harusi asisikie ya mlangoni.

Lingekuwa limeandikwa neno la kumzulia binti, mathalani kwamba alinunua vyeti, ningesema vingine: piga picha ya kioo cha simu kwanza, ndipo ufute. Uzushi wa namna hiyo unaguswa na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na bila ushahidi huna pa kuanzia.

Kuhusu jicho, mama aliniuliza kama amwogope mwenzake yule. Nilimkumbusha kisa cha Sahl bin Hunayf, aliyeanguka baada ya ‘Amir bin Rabi‘a kustaajabia uzuri wa ngozi yake. Wote wawili walikuwa Maswahaba, na ‘Amir hakusema tusi. Mtume (SAW) alimlaumu kwa kutomwombea mwenzake baraka. Kwa hiyo jicho laweza kutoka hata kwa anayekupenda, wala maneno makali si dalili tosha ya kumhukumu mtu kuwa ndiye. Mama akabaki na nyiradi zake za asubuhi na jioni na Suratul-Falaq, na uchunguzi wa nani ana jicho akauacha.

Simu ya mjomba ilipigwa siku ya tatu. Alikaa kimya kitambo, halafu akauliza dua ya shukurani itasomwa lini. Alishuka kutoka Kinole Jumamosi na mikungu minne, na picha aliyopigwa na binti siku hiyo aliibandika mwenyewe.