Mkopo unaoiva kabla ya vanila

Miaka ya 2017 na 2018, baada ya kimbunga Enawo kuharibu mashamba ya Madagaska, bei ya vanila kavu katika soko la dunia ilivuka dola 500 kwa kilo. Habari hizo zilifika haraka hapa Kagera. Kuanzia Maruku hadi Muleba, watu walipanda vanila chini ya migomba na mibuni, na waliokuwa na mitaji walianza kuwatafuta vijana wenye makampuni ya kukusanya na kukausha. Baadaye bei ilianguka vibaya. Mwaka 2023 Madagaska yenyewe iliachana na bei ya chini ya dola 250 iliyokuwa imejiwekea, kwa sababu wanunuzi hawakuifuata.

Hatukusudii kurudia historia ya bei. Tunazungumzia karatasi moja ambayo watu husaini wakati bei iko juu, na ambayo huja kudaiwa wakati bei iko chini. Karatasi hiyo ni hati ya mkopo unaogeuka kuwa hisa.

Mwekezaji anaipa kampuni changa fedha leo, lakini hapewi hisa leo. Anaandikiwa mkopo wenye riba na tarehe ya kuiva. Kampuni ikipata mwekezaji mkubwa kabla ya tarehe hiyo, mkopo pamoja na riba yake hugeuzwa kuwa hisa kwa bei nafuu kuliko ile anayolipa huyo mkubwa. Unafuu huo hupimwa kwa njia mbili: punguzo, kwa mfano asilimia 20, au kikomo cha thamani, yaani thamani ya juu kabisa ya kampuni itakayotumika kupata bei ya mkopeshaji huyu. Kwa kawaida huchukua njia inayompa bei ndogo zaidi.

Wanaoipenda wanasema inawaepusha na mabishano ya thamani ya kampuni ambayo bado haijauza kitu. Ni kweli, lakini mabishano hayo hayafutwi. Yanaahirishwa hadi siku ambayo mwanzilishi huenda hana nguvu ya kubishana.

Tuchukue mfano wa kubuni. Vijana wawili wa Maruku wana kampuni ya kukausha vanila yenye hisa 1,000,000, mmoja akiwa na 600,000 na mwenzake 400,000. Wanakopa Sh. milioni 100 kwa hati ya namna hii: riba ya kawaida ya asilimia 10 kwa mwaka, kuiva baada ya miezi 24, punguzo la asilimia 20 na kikomo cha thamani cha Sh. milioni 500. Mwisho wa miaka miwili deni ni Sh. milioni 120.

Mambo yakienda vizuri, anakuja mwekezaji mwenye Sh. milioni 200, anayekubali kwamba kampuni ina thamani ya Sh. milioni 800 kabla ya fedha zake. Bei yake ni Sh. 800 kwa hisa, hivyo anapata hisa 250,000. Mkopeshaji wetu kwa punguzo angelipa Sh. 640, lakini kwa kikomo analipa Sh. 500, basi anachukua kikomo na kupata hisa 240,000. Hisa zote sasa ni 1,490,000. Vijana wanabaki na asilimia 67. Hakuna aliyeonewa, kwani aliyethubutu mapema amelipwa kwa kuthubutu kwake.

Hata hapo kuna mtego mdogo. Je, ile Sh. milioni 800 inahesabiwa kabla ya mkopo kugeuzwa, au baada yake? Mwekezaji mkubwa akidai iwe baada, bei yake hushuka hadi karibu Sh. 645, hisa zake hufika 310,000, na vijana hubaki na asilimia 64.5. Tofauti hiyo yote wameilipa wao na mkopeshaji wa kwanza kwa sababu ya sentensi moja iliyokosekana.

Sasa tugeuze upepo. Bei ya vanila imeanguka, na mwekezaji pekee aliyepatikana ana Sh. milioni 100, naye anasema kampuni ina thamani ya Sh. milioni 200 tu. Bei yake ni Sh. 200 kwa hisa, naye anapata hisa 500,000. Kikomo cha Sh. milioni 500 hakina kazi tena, kwa kuwa thamani iko chini yake. Kinachofanya kazi ni punguzo: Sh. 160 kwa hisa. Gawanya Sh. milioni 120 kwa 160, utapata hisa 750,000. Hisa zote zinakuwa 2,250,000, na vijana wanabaki na asilimia 44.4. Mkopeshaji peke yake ana theluthi moja, nguvu ya kutosha kuzuia azimio maalumu linalohitaji robo tatu ya kura. Akiungana na yule mgeni, wana zaidi ya nusu, na wenye zaidi ya nusu ndio wanaoamua nani awe mkurugenzi. Kampuni imebadilisha mwenyewe, na hakuna aliyevunja sheria.

Anayedhani haya ni ya makampuni madogo tu aitazame Kenya Airways, ambayo hisa zake ziliorodheshwa pia katika soko la Dar es Salaam. Mkopo wake haukuwa wa aina hii, lakini kanuni ni ileile. Mwaka 2017 mabenki yaliyokuwa yakiidai yaligeuza deni kuwa hisa na kupata asilimia 38.1. Serikali ya Kenya ilifika asilimia 48.9. KLM, iliyokuwa na asilimia 26.7, ilijikuta na asilimia 7.8. Kama shirika la ukubwa huo lilipunguzwa hivyo, mwenye hisa mia chache hana haja ya kuuliza yeye ilikuwaje.

Hata hivyo, kupunguzwa siyo hatari kubwa kuliko zote. Hatari kubwa ni pale ambapo hakuna mwekezaji yeyote anayekuja. Kwa maandishi ya kawaida, hati isiyogeuzwa inabaki deni, na tarehe ya kuiva ikifika deni linadaiwa lote, pamoja na riba. Hapa ndipo hesabu ya vanila inapogongana na hesabu ya karatasi. Mche wa vanila huchukua takriban miaka mitatu kabla ya kutoa maua ya maana. Ua huchavushwa kwa mkono, ganda hukaa mtini miezi kama tisa, kisha kuna miezi ya kuchemsha, kutoa jasho na kukausha. Mkopo wa miezi 24 kwa ajili ya mashamba mapya unaiva kabla ya zao lenyewe. Vijana waliosaini masharti hayo wameahidi kulipa kwa fedha ambazo bado ni maua yasiyochanua.

Mkopeshaji asiyelipwa anaweza kwenda mahakamani, na kampuni isiyoweza kulipa madeni yake inaweza kuombewa amri ya kufilisiwa. Wengi hawafiki huko. Wanatumia tishio hilo kupata masharti mapya: kikomo cha chini zaidi, kiti katika bodi, au dhamana ya mwanzilishi mwenyewe. Hilo la mwisho ndilo tunalolipinga bila kusita. Kampuni yenye ukomo wa hisa iliundwa ili deni lake lisivuke kizingiti cha nyumba ya mwenye hisa. Mwanzilishi anayesaini dhamana binafsi ameondoa kizingiti hicho kwa mkono wake. Na kwetu, mali iliyo nyuma ya saini hiyo ni kibanja, ambacho mara nyingi kina makaburi ya wazee na watu wa ukoo wenye neno juu yake. Mwekezaji anayetaka faida ya mwanahisa na wakati huohuo usalama wa mwenye rehani anataka vitu viwili kwa bei ya kimoja.

Kuna pia makosa ya taratibu ambayo huonekana madogo hadi siku ya kugeuza. La kwanza ni mtaji. Kama hisa 1,000,000 ndizo zote zilizoidhinishwa katika katiba ya kampuni, hakuna hisa ya kumpa mkopeshaji mpaka wanahisa wapitishe azimio la kuongeza mtaji na taarifa ifike BRELA. Katiba ikiwapa wanahisa haki ya kwanza ya kununua hisa mpya, haki hiyo nayo inapaswa kuachwa kwa maandishi. Mwanahisa mmoja mwenye kinyongo, akiwa na kura za kutosha, anaweza kuifanya kampuni ivunje ahadi yake. Maazimio haya yapitishwe siku ya kukopa, wakati kila mtu bado anacheka.

La pili linawahusu wasomaji wengi wa ukurasa huu. Chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, kampuni binafsi hairuhusiwi kuwaalika watu wote kununua hisa zake au hati zake za mkopo, na wanachama wake hawapaswi kuzidi 50, ukiacha wafanyakazi. Mwanzilishi anayetangaza hati hizi katika vikundi vya simu, akikusanya laki tano hapa na milioni moja pale, anakaribia eneo la Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana bila kibali. Fedha zikitoka nje ya nchi kwa muda unaozidi mwaka, mkopo huo uandikishwe Benki Kuu kupitia benki ya biashara. Kuusajili siku ya kulipa ni kuchelewa.

Basi hati nzuri ni ipi? Kwa maoni yetu, ni ile inayojibu swali la tarehe ya kuiva kabla haijafika. Iseme kwamba kama hakuna mwekezaji mpya, mkopo utageuka kuwa hisa kwa bei iliyotajwa, au muda utaongezwa kwa miezi iliyotajwa. Iweke bei ya chini kabisa ya kugeuzia. Katika mfano wetu, bei hiyo ingekuwa Sh. 400, mkopeshaji angepata hisa 300,000 badala ya 750,000, na vijana wangebaki na asilimia 55.6. Mkopeshaji ataudai unafuu mwingine kwa ajili ya hilo, pengine kikomo kidogo zaidi, naye ana haki ya kudai. Hayo ndiyo mabishano yanayofaa, na yafanyike mapema.

Kwa mwekezaji mdogo tunaongeza neno moja. Kampuni ikifa kabla hujageuzwa, utalipwa kabla ya wanahisa, lakini nyuma ya benki yenye rehani na ya madai yanayotangulizwa na sheria, kama mishahara na kodi. Katika kampuni ya kukausha vanila, baada ya hao, mara nyingi kinachobaki ni vichanja na mablanketi. Kwa hiyo kumnyonga mwanzilishi siku ya kuiva hakukurudishii fedha. Mwulize siku ya kusaini vanila yake itavunwa mwezi gani, kisha andika tarehe ya kuiva baada ya hapo.