Swali Moja, Majibu Mawili



Wiki iliyopita, baada ya sala ya alasiri, alinijia mama mmoja wa hapa Likoni pamoja na bintiye. Mtoto alikuwa ameshika karatasi ya mashindano ya historia tuliyowafanyia watoto wa madrasa wakati wa likizo. Maswali niliyatunga mwenyewe. "Sheikh," aliniambia yule mama kwa adabu, "mwanangu hana raha tangu juzi. Asema jibu lake ni sahihi, nami sina elimu ya kumjibu." Alama hiyo moja ndiyo iliyomkosesha nafasi ya tatu, na zawadi ya nafasi ya tatu ilikuwa sare ya shule.

Swali lilikuwa hili: Utawala wa Wareno Mombasa ulimalizika mwaka gani? A. 1593. B. 1631. C. 1698. D. 1729. Katika mwongozo wangu wa kusahihishia niliandika C. Binti alichagua D.

Nilikuwa na sababu ya kuandika C. Mwezi wa Machi 1696 Waomani waliizingira Ngome, hii hii tunayoiona Ngomeni tukishavuka feri na kuingia kisiwani, na mwezi wa Desemba 1698 wakaitwaa. Ndivyo tulivyowasomesha watoto. Lakini mwaka 1728, Waomani walipokuwa wakigombania madaraka wao kwa wao, Wareno walirudi wakaishika tena Mombasa. Wenyeji wakawainukia, na mwezi wa Novemba 1729 wakaondoka, wasirudi tena kuitawala. Binti aliyajua hayo kwa babu yake.

Nilitaka kujitetea kwamba kurudi kwa muda usiofika miaka miwili si utawala wa kuhesabiwa. Hapo nikaliangalia jibu la B. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hassan aliwaua Wareno wa Ngomeni akaitwaa Mombasa, na mwaka uliofuata Wareno wakairejea. Nikiulizwa kwa nini 1631 si sahihi, nitajibu kuwa Wareno walirudi. Basi hoja hiyo hiyo inaliangusha na jibu langu la C! Kwa maneno niliyoyaandika, neno "ulimalizika" likichukuliwa kama lilivyo, D ina nguvu kuliko C.

Ilibaki kuamua la kufanya, na njia zilikuwa nne. Kushikilia C peke yake ni kumwadhibu aliyejua zaidi. Kuhamia D peke yake ni kuwaadhibu waliosoma kitabu tulichowapa wenyewe. Kulifuta swali ni kuwanyang'anya alama wote waliojibu kwa elimu, wa C na wa D pamoja. Kumpa kila mtoto alama, jambo ambalo wengi hulipenda kwa kuwa huzima manung'uniko, ni kumzawadia hata aliyechagua 1593, mwaka ambao Wareno ndio kwanza walianza kuijenga Ngome. Nikakubali C na D, nikazisahihisha upya karatasi zote, si ya binti huyu pekee, kwa sababu huenda mwingine alichagua D akanyamaza.

Kijana mmoja aliposikia akaja kudai alama kwa B. Nilimwuliza Wareno walitawala muda gani baada ya 1632. Akahesabu hadi 1698, miaka sitini na sita, akacheka mwenyewe. Kulalamika tu hakutoshi. Jibu lazima lisimame juu ya maneno ya swali bila kuongezewa neno jingine.

Binti alilingana alama na yule aliyekuwa wa tatu. Sare ya kwanza haikurudishwa, na ya pili nimeilipa mimi, maana kosa lilikuwa la kalamu yangu.

Kina mama wameniuliza, je, mtoto akikutana na swali kama hili katika mtihani wa taifa, ambako hakuna sheikh wa kumwendea? Kwanza alisome swali upya akitafuta neno linalofunga maana, kama "mara ya kwanza" au "hatimaye". Likiwapo, linamaliza ubishi. Likikosekana, achague jibu lililomo katika kitabu cha darasa lake, kwani kwa kawaida mtungaji huanzia humo, kisha aendelee na maswali mengine. Akitoka amweleze mwalimu. Wengine husema huko ni kuificha elimu. Mimi sioni hivyo; kwenye karatasi ya kuchagua hana pa kuandika hoja yake.

Na swali langu nimelitunga upya kwa ajili ya likizo ijayo: Waomani waliitwaa Ngome ya Mombasa baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu. Ilikuwa mwaka gani? Nimempa yule binti alisome kwanza. Ameniambia safari hii haoni mlango wa pili.