MAZIWA YAKO HAYAMO KWENYE PATO LA TAIFA (Sehemu ya 4)

Mama wenzangu, leo tuongelee Pato la Taifa. Usipite, linakuhusu wewe uliyemshika mtoto mkono mmoja na simu mkono mwingine.

Pato la Taifa ni thamani ya bidhaa na huduma zilizozalishwa ndani ya nchi kwa mwaka. Vingi ni vitu vilivyouzwa, lakini si vyote. Kwa kanuni za kimataifa, mfugaji akikamua ng'ombe wake na familia ikanywa maziwa yote nyumbani, watakwimu wanatakiwa kukadiria thamani yake na kuiingiza. Na maziwa ya mama? Sifuri. Ya ng'ombe yamo, yako hayamo!

Chukua mfano wa majirani wawili. Asha ananyonyesha tu kwa miezi sita. Mtoto anakunywa kama mililita 750 kwa siku. Zidisha kwa siku 180, unapata lita 135 za chakula bora kabisa. Kwenye Pato la Taifa hakijaongezeka kitu.

Rehema ananunua maziwa ya kopo. Kopo limetoka nje, kwa hiyo gharama ya kuliagiza inaondolewa kwenye hesabu, lakini faida ya mwenye duka na malipo ya lori vinaingia. Chupa ikioshwa kwa maji yasiyo salama, mtoto akaharisha, basi dripu, dawa na bodaboda ya usiku navyo vinaingia. Mateso ya mtoto hayapunguzi hata senti. Kwenye karatasi, nyumba ya Rehema imekuza uchumi kuliko ya Asha.

Simsemi mama wa kopo, wengine hawana namna. Naisema hesabu.

Kuna atakayeniambia, "Nesi, maziwa ya mama hayana bei, yatahesabiwaje?" Mbona ya ng'ombe wa nyumbani nayo hayakuuzwa, yakakadiriwa? Marilyn Waring wa Nyuzilandi aliandika kitabu kizima kuhusu kazi za wanawake zisizohesabiwa, mwaka 1988. Hoja haijaanza leo.

Na hesabu hii inakugusa. Sheria ya ajira Tanzania inampa mama aliyejifungua mtoto mmoja likizo ya siku 84. Sisi wodini tunakwambia nyonyesha pekee miezi sita. Siku 84 hazifiki hata nusu! Ukitaka ziongezwe, unaambiwa ni gharama. Kazi uliyoiacha ofisini inaonekana kwenye vitabu. Lita 135 hazionekani, kwa hiyo unaonekana umekaa tu.

Basi mtu akikwambia mama wa likizo ya uzazi hazalishi, muulize: ungekuwa ng'ombe, si wangekuhesabu?

Sehemu ya 5: sheria hiyohiyo inakupa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ukiwa kazini. Tutaona namna ya kuzidai.