Kalamu nyekundu haijui kusoma

Walimu, wahariri na wale ndugu zetu wanaosifika mtaani kwa kukijua Kiswahili wana imani moja isiyowatoka: mtu akikutumia rasimu ya insha bila maelezo, kazi yako ni kutafuta makosa. Unalifungua faili, unaanza na sentensi ya kwanza, "kwasababu" unaitenganisha, herufi kubwa unaishusha, koma unaipachika, mpaka ukurasa wa mwisho. Unairudisha imejaa wekundu na dhamiri yako imetulia. Tena unaamini kwamba kadiri ulivyosahihisha mengi ndivyo ulivyosaidia zaidi.

Imani hiyo inaharibu insha nyingi kuliko uvivu wa waandishi wenyewe. Mtu anayetuma rasimu huwa anataka mojawapo ya mambo matatu: usafi wa lugha, mpangilio mpya wa hoja, au msomaji mkali wa kumwambia hoja yenyewe inasimama au haisimami. Ukimpa la kwanza aliyehitaji la pili, hujampa nusu ya msaada. Umemzuia. Aya iliyokwisha kusahihishwa inaonekana imekamilika, na aya inayoonekana imekamilika hakuna anayethubutu kuifuta.

Najua jibu la haraka: muulize anataka nini. Sawa, muulize. Atakujibu, "Naomba tu uipitie, mwalimu, uangalie makosa madogo madogo." Hilo ndilo jibu la karibu kila mtu, kwa sababu ya adabu. Kumwomba mtu uliyemzidi kwa shida na anayekuzidi kwa cheo akupangulie kurasa 8 ni kumtwisha mzigo, kwa hiyo tunaomba kidogo huku tukitumaini kingi. Nimeshawahi kuombwa "makosa madogo madogo" kwenye insha ambayo mwandishi wake, tulipoketi, alikiri kwamba hajui hata anatetea upande gani. Maneno ya barua yanaficha. Rasimu yenyewe haijui kuficha, kwani inaonyesha jasho lilimwagika wapi na mwandishi alisimama wapi.

Chukua insha iliyopita mikononi mwangu, ya mwanafunzi wa chuo, kurasa 8, kuhusu wanawake wanaoanika dagaa kando ya Ziwa Victoria upande wa Mwanza. Kabla yangu ilikuwa imepita kwa mhadhiri mwenzangu, ambaye aliipaka rangi vizuri kabisa. Kila "kwasababu" na kila "kwahiyo" ilitenganishwa. "Uhanikaji" ulirudishwa kuwa "uanikaji". Mwanafunzi akakubali masahihisho yote, akaisafisha, akaleta kwangu toleo lililong'aa, na lilikuwa na ugonjwa uleule liliozaliwa nao.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa historia ya ziwa. Wa pili na wa tatu zilieleza uvuvi wa taa usiku wa giza, jinsi mbalamwezi inavyopunguza kazi, na tofauti ya dagaa walioanikwa mchangani na walioanikwa kwenye chanja. Wa nne, msimu wa mvua: dagaa wasipokauka vizuri huharibika rangi na harufu, bei huanguka, na mzigo uliokusudiwa kuliwa na watu huishia kwenye chakula cha kuku. Yote yalikuwa kweli na yameandikwa vizuri. Halafu ukurasa wa 6, katikati ya aya ndefu, sentensi moja ikajitokeza kama mgeni aliyekosea nyumba: kwamba mvua inawaumiza zaidi wanawake waliokwisha kupokea fedha za mnunuzi kabla ya msimu, maana hao hawawezi kungoja bei ipande wala kupeleka mzigo kwa mwingine pale Mwaloni Kirumba. Hapo ndipo palikuwa na insha. Kurasa 5 za mwanzo zilikuwa mwandishi akitembea kuitafuta.

Mtu anayesoma angeiona dalili hii kabla ya kugusa koma hata moja. Tafuta sentensi yenye uhai kuliko zote na uangalie iko ukurasa gani. Ikiwa theluthi ya mwisho, mwandishi aligundua hoja yake akiwa anaandika, na anachohitaji ni mtu wa kumwambia, "Ianzie hapa." Dalili ya pili ilikuwa vichwa vya aya. Aya ya tatu ilianza na "Vilevile", ya nne na "Aidha", ya tano na "Pia", ya sita ikarudi kwenye "Vilevile". Jaribu kubadilishana nafasi za aya mbili za namna hiyo. Ikiwa hakuna kilichoharibika, basi aya hizo hazijapangwa bado, zimerundikwa. Dalili ya tatu ilikuwa wazi hata kwa mtoto: suala la bei kuanguka lilielezwa ukurasa wa 4 na tena ukurasa wa 7, kwa maneno yanayokaribiana. Mwandishi hakuweza kuamua likae wapi, akaliacha pote pawili. Hilo ni ombi la msaada wa mpangilio, liwe limeandikwa kwenye barua au lisiwe limeandikwa.

Na makosa ya tahajia? Watetezi wa kalamu nyekundu watasema wingi wake ndio ushahidi kwamba mtu anahitaji usafi wa lugha. Ni kinyume chake. Insha yenye makosa kila mahali kwa kawaida ni changa, na sentensi zake nyingi zitafutwa, kwa hiyo kuzisahihisha ni kuipiga pasi nguo itakayokatwa vipande. Halafu kwetu tunaoandika Kiswahili kuna jambo jingine ambalo wenzetu wa Kiingereza hawalijui. Kompyuta nyingi zimewekwa Kiingereza, hivyo ukiandika Kiswahili karibu kila neno linapigiwa mstari mwekundu wa mawimbi. Baada ya kurasa mbili jicho linazoea na haliuoni tena. Anayeandika kwa simu ana balaa kubwa zaidi, kwa kuwa simu inambadilishia maneno bila kumwuliza. Ukimhukumu mtu huyo kwamba ni mzembe, unahukumu mashine.

Kinachosema kitu ni mahali makosa yalipo, kuliko idadi yake. Kosa moja likirudi kwa uaminifu kutoka mwanzo hadi mwisho, kama "kwahiyo" iliyounganishwa kila mara au "apa" badala ya "hapa", ni mazoea. Mwandishi halioni na hataliona. Mwambie mara moja, chini ya ukurasa, basi. Lakini makosa yakijazana sehemu moja, tuseme kurasa 5 safi na wa 6 umechafuka, soma kwa makini: ukurasa wa 6 uliandikwa mwisho, kwa haraka au kwa msisimko, na mwandishi hajaurudia. Katika ile insha ya dagaa, nilipoomba toleo la awali kabla ya masahihisho ya mwenzangu, ndivyo ilivyokuwa. Makosa mengi kuliko kwingine yalikuwa kuizunguka ile sentensi ya mikopo ya wanunuzi. Kalamu nyekundu ilikuwa imeifuta alama iliyoonyesha moyo wa insha uko wapi.

Anayetaka usafi wa lugha naye anajulikana. Faili lake mara nyingi ni PDF, yaani hategemei uhamishe chochote. Marejeo yamekamilika na yamefuata mtindo mmoja. Jina la chuo na namba ya usajili viko juu. Idadi ya maneno iko 1,990 wakati kikomo ni 2,000, na barua inataja kesho au Ijumaa. Huyu amefunga milango. Kumwambia kwamba hoja yake ya tatu ingefaa kuwa ya kwanza ni ukatili unaojivika elimu, kwa sababu hana muda wa kuitumia habari hiyo na atalala nayo. Msahihishie, haraka, umrudishie.

Anayetaka ukali ndiye anayekosewa zaidi, kwa kuwa rasimu yake huwa safi kama ya yule wa PDF na wasomaji huwachanganya. Mtofautishe kwa kuangalia alivyowatendea wapinzani wake. Anayetaka kupigwa amekwisha kuweka hoja ya upande wa pili na kujaribu kuijibu. Pia mwangalie anapoanza kusitasita. Mwandishi aliyetembea kwa uhakika kurasa nzima, ghafla anaandika "inaweza kusemwa kwamba huenda kwa kiasi fulani", na kusitasita huko kumerundikana mahali pamoja tu: hapo ndipo anapojitilia shaka na ndipo anapotaka wewe ubonyeze. Na jiulize kwa nini amekutumia wewe. Ikiwa Kiswahili chake hakina kasoro na wewe unajulikana kwa msimamo unaopingana na wake, hakuja kutafuta koma.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi, wakafungua sifa za faili kwenye Word na kusoma `Total Editing Time`, wakadhani dakika nyingi ni rasimu iliyokomaa. Mimi siifuati. Hesabu hiyo inaendelea faili likiwa limefunguliwa tu, hata mwandishi akiwa sokoni, na akinakili maandishi kwenda faili jipya inaanza upya. Alama za kuaminika zaidi ni zile alizoziacha kwa mkono wake: mabano yenye "takwimu hapa", rangi ya njano juu ya aya, vichwa viwili vya habari vilivyotenganishwa kwa mkwaju, aya ileile katika matoleo mawili yanayofuatana. Anayeacha vitu kama hivyo hajasahau kuvifuta. Anakuonyesha alipokwama.

Mwenzangu aliniambia dawa ni kufanya yote matatu, ili mtu achague. Nimeyaona matokeo yake. Mwandishi anayepokea masahihisho 60 ya tahajia, mapendekezo 5 ya kupanga upya na pingamizi 2 kuhusu hoja huanza na yaliyo rahisi. Anakubali yale 60 kwa kubonyeza, anajiona amefanya kazi kubwa, na kufikia yale 2 amechoka. Pingamizi zinabaki pembeni ya ukurasa mpaka insha inakabidhiwa.

Ugumu wa kweli uko pale dalili zinapogombana: PDF safi, mwisho ni kesho asubuhi, na hoja imeoza. Hapo nasahihisha lugha kama nilivyoombwa, kisha naandika sentensi moja, iliyo wazi, juu ya shimo kubwa kuliko yote na ukurasa lilipo. Siandiki ya pili. Usiku mmoja unatosha kuziba shimo moja. Akikuta ameambiwa matano, hataligusa hata hilo.