Hadithi ya Mwezi: Bahasha ya Mwaka 1931

Hadithi yetu ya mwezi huu ni ya kutungwa, nayo imo katika barua tu. Ndugu wawili wa kike wamefarakana. Mkubwa akaa Msalabani, karibu na Muheza, katika Tanganyika ya siku zile. Mdogo ameolewa na seremala wa Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, katika Kenya. Walimu watakaoisomea jamaa jioni wasome polepole penye tarehe, kwa maana katika tarehe ndimo mambo yalimo.

*Freretown, Julai 4, 1938*

Kwa dada yangu, salamu sana.

Shikamoo. Baada ya salamu nakuarifu kwamba sisi tu wazima, ila mume wangu asumbuliwa na kifua kwa ajili ya vumbi la mbao. Nakuandikia baada ya miaka saba, wala sijui kama utaifungua barua hii au utaitia motoni.

Binti yetu, yule uliyempakata siku ya kubatizwa, ameposwa. Harusi itakuwa baada ya Pasaka ya mwaka ujao. Wazee wa kijana walipokuja waliuliza, "Mama mkubwa wa binti yu wapi?" Nikawajibu kwamba u mbali. Neno hilo si uongo, lakini si kweli yote, nao waliona usoni pangu kwamba liko jambo. Dada, wewe ndiwe mama yake. Nani atakaa mahali pako? Nijibu, hata kwa neno moja.

Mimi mdogo wako.

*Msalabani, Julai 25, 1938*

Kwa mdogo wangu.

Barua yako imefika. Naijibu kwa mkono wangu mwenyewe, kwa kuwa tangu mwaka 1934 nimejifunza kusoma na kuandika katika darasa la wanawake, wala sina haja tena ya kumwendea mwalimu.

Namfurahia binti. Lakini wewe wataka nije kumshika mkono mwanao, nawe hukuja kumfumba macho mama yetu. Aliugua tangu mwanzo wa Kwaresima, mwaka 1931. Ilianza miguu kuvimba, kisha tumbo, hata akawa hawezi kulala ila kwa kukaa. Nalimwendea mwalimu akakuandikia Februari 26, nami nalikuwa nimekaa mbele yake akiandika. Mama alifariki Aprili 2, siku ya Alhamisi Kuu, tukamzika kesho yake. Hesabu mwenyewe: siku 35. Katika siku hizo mtu aweza kutoka Mombasa hata kwa miguu. Nalitupa udongo kaburini kwa mkono wangu, kisha nikatupa tena kwa ajili yako, watu wakitazama.

Sijui kama nitakuja.

Dada yako.

*Freretown, Agosti 15, 1938*

Kwa dada yangu, shikamoo.

Sitaki kubishana nawe kwa maneno. Nakupelekea bahasha yenyewe. Nimeiweka katika Kitabu cha Sala miaka yote hii, kwa kuwa ndiyo barua ya mwisho iliyotaja jina la mama kama mtu aliye hai.

Ishike penye dirisha, kwa maana wino umefifia. Juu ya stempu pana muhuri wa mviringo. Pembeni mwake pameandikwa Muheza, na katikati tarehe: Machi 24, 1931. Sasa igeuze. Nyuma pana muhuri wa Mombasa, Machi 31. Karani wa posta hupiga muhuri siku apokeapo barua, si siku iliyoandikwa. Ndani mwalimu ameandika Februari 26, ni kweli. Lakini kati ya wino wa mwalimu na wino wa posta mna siku 26.

Nalipoifungua, mama alikuwa na siku mbili tu za kuishi, wala sikujua. Asubuhi nalishuka bandari ya majahazi nikiwa na kifurushi changu. Nahodha mmoja akanicheka, akasema, "Mama, kaskazi imekufa. Sasa tunangoja kusi. Nani atakupeleka Tanga mbele ya upepo?" Nikatafuta gari. Masika ilikuwa imeanza, na lori lililokwenda njia ya kusini lilikuwa limekwama matopeni tangu juzi. Nalikuwa nikingali natafuta njia ilipokuja barua yako ya pili: "Mama amezikwa. Usije." Hiyo ilichukua siku saba. Kumbe posta haikuwa na kosa.

Kama ile ya kwanza ingalitiwa posta siku ilipoandikwa, ningaliipata mapema katika Machi, kaskazi ikivuma bado, ambayo jahazi huteremka nayo mpaka Tanga kwa siku moja au mbili. Ningalimkuta. Miaka ile sikuuliza, kwa sababu uliniambia nisije, nami nalikuwa na hasira. Sasa nauliza. Ni nani aliyeichukua barua ile?

Mimi mdogo wako.

*Msalabani, Septemba 5, 1938*

Kwa mdogo wangu.

Nimeuona muhuri. Aliyepeleka barua posta ni mwanangu, naye siku zile alikuwa mtoto wa miaka kumi. Watoto hucheza njiani, husahau. Bila shaka aliificha akaogopa kusema. Mimi sikujua. Basi tuseme kosa ni la mtoto, tuyaache.

Dada yako.

*Msalabani, Oktoba 30, 1938*

Kwa mdogo wangu, salamu sana.

Ile barua ya Septemba usiijibu. Ina uongo.

Mwanangu sasa yu mwalimu msaidizi. Aliikuta bahasha mezani, akasoma muhuri kama ulivyousoma wewe. Hakuninenea kwa ukali. Alisema, "Mama, nakumbuka siku ile. Mvua ya kwanza ya masika ilinikuta njiani, nikaitia barua ndani ya kofia isilowe. Mvua hiyo hainyeshi Februari. Ulinipa lini barua ile?" Nikanyamaza. Akatoka, akaenda kufundisha.

Barua haikuwa kwa mtoto. Ilikuwa sandukuni mwangu, chini ya kanga zangu, hizo ambazo ninyi huko mwaziita leso, kwa siku 26. Nikilifungua sanduku naliiona. Kila siku nalisema, kesho.

Sababu yake nitakuambia, wala si nzuri. Miaka miwili nalimchotea mama maji, nikamwosha, nikamgeuza kitandani. Kisha alipozidiwa akawa aita jina lako tu. Mkono uliomshika ulikuwa wangu, na jina lililomtoka kinywani lilikuwa lako. Nikasema moyoni, na akae kwanza amjue aliye karibu naye. Ulipokuja uvimbe wa uso nikaogopa, nikamwita mtoto, nikamtuma mbio. Baada ya maziko watu waliuliza mbona hukuja, nami nikawaacha wakusengenye. Kisha nikawa nasengenya pamoja nao, hata mwisho nikaanza kusadiki kwamba kweli hukutaka kuja.

Nimekwenda kuungama. Padre aliniambia nikuandikie wewe kwanza, ndipo nije mezani pa Bwana. Keshokutwa ni Sikukuu ya Watakatifu Wote, nami nitakaa nyuma kanisani.

Dada yako.

*Freretown, Novemba 24, 1938*

Kwa dada yangu.

Barua yako nimeisoma mara moja, nikaiweka. Siku kumi na mbili sikuigusa. Mume wangu alisema, "Mwandikie kwamba umemsamehe, ndio wajibu wetu." Nikamjibu kwamba wajibu naujua, lakini nikiandika neno hilo leo, nitakuwa nimeweka uongo wangu juu ya wako. Ngoja kwanza.

Miaka saba nalijiona mtoto mbaya. Kila Ijumaa Kuu watu wakiimba, mimi nalikuwa nahesabu: labda ningalimlipa nahodha zaidi, labda ningalikwenda kwa miguu. Jirani zangu waliofiwa na mama zao walikuja kuniuliza desturi za maziko, nami nalitoka nje.

Naomba mambo mawili. La kwanza, mwombe radhi mwanao, kwa kuwa ulimtwika mzigo asiokuwa nao. La pili, niambie mama alisema nini alipoliita jina langu. Niandikie maneno yenyewe, usiyapambe.

Mimi mdogo wako.

*Msalabani, Desemba 13, 1938*

Kwa mdogo wangu, salamu sana.

Nalimwomba radhi mwanangu mbele ya baba yake. Alisema, "Imekwisha, Mama," lakini jioni ile hakula.

Maneno ya mama ni haya. Aliita alfajiri, saa ya kwenda kisimani. Alisema, "Mwamsheni huyo! Jua limetoka, na mtungi mtupu." Kisha jina lako. Akarudia, "Mvivu huyu, mwamsheni!" Alidhani u mtoto bado, umelala. Nami nalikuwa nimesimama mlangoni na mtungi kichwani, umejaa. Mdogo wangu, miaka yote hii nalisema kwamba alikuita kwa kukupenda kuliko mimi. Leo nikiyaandika maneno kwa kalamu ndipo naona kwamba alikuwa akikugombeza.

Liko neno moja zaidi, nalo sikuliandika mara ya kwanza. Siku moja akili zilimrudia. Akanishika kidole akauliza, "Barua imekwenda?" Nikasema, "Imekwenda." Akasema, "Vema," akalala. Barua ilikuwa sandukuni, si mbali na kichwa chake.

Sasa umeyajua yote. Huna haja ya kujibu.

Dada yako.

*Freretown, Desemba 30, 1938*

Kwa dada yangu, shikamoo.

Barua yako ilifika baada ya Noeli. Kwa habari ya mtungi nalicheka peke yangu jikoni hata binti akaja kutazama, kwa maana kweli nalikuwa mvivu, nawe ulikuwa ukinichotea. Kwa habari ya lile neno la mwisho nalilia, wala bado sijui la kulifanyia.

Kaskazi imekaza. Nahodha mmoja wa hapa apakia boriti, ataondoka Januari 14 kwenda Tanga, naye amekubali kutuchukua mimi na binti. Tutakaa kwako wiki mbili. Nataka kuliona kaburi, nataka na binti alione. Sikuahidi nitasimama pale na moyo wa namna gani, nitajua nikifika. Baada ya Pasaka upepo utageuka, nawe utaweza kuja huku kwa kusi, harusini, kama tutakuwa tumepatana. Nimewaambia wazee wa kijana kwamba mama mkubwa ameandika.

Mwanao nimemshonea shati la kufundishia. Nipelekee kipimo cha shingo kabla ya jahazi kuondoka.

Tutashuka Tanga. Usimtume kijana kutupokea. Njoo mwenyewe.

Mimi mdogo wako.